Pima mfumuko wa bei wa nyumba yako mwenyewe

Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hutangaza mfumuko wa bei wa Tanzania, na kila mwezi kuna anayesoma "asilimia 3" akaguna: mbona sokoni hali si hiyo? Mara nyingi takwimu ni sahihi na aliyeguna naye yuko sahihi. NBS inapima kikapu cha wastani wa taifa, wewe unanunua kikapu chako. Ukiwa na daftari na kikokotoo utaona tofauti inatoka wapi.

Hatua ya 1: Andika matumizi ya mwezi huuhuu, mwaka jana.
Usilinganishe na mwezi uliopita. Nyanya na vitunguu hupanda na kushuka kwa msimu, na ukilinganisha Machi na Februari utakuwa unapima mvua. Takwimu inayotangazwa kwenye habari nayo hulinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka uliopita.

Tuchukue familia ya mfano iliyotumia shilingi 600,000: chakula 300,000, kodi ya nyumba 120,000, nauli 90,000, mkaa na umeme 60,000, mengineyo 30,000. Ada ya shule inayolipwa mara moja kwa mwaka igawe kwa 12, la sivyo Januari itakudanganya.

Hatua ya 2: Nunua kikapu kilekile, kwa bei za leo.
Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hutafuti ulichotumia mwezi huu. Unatafuta ungelipa kiasi gani leo kwa vitu vilevile na kwa kiasi kilekile. Kama mwaka jana mlikula kilo 30 za mchele kwa shilingi 2,400 kilo, mlilipa 72,000. Leo kilo ni 2,700, basi andika 81,000, hata kama siku hizi mnapika ugali zaidi. Kuhamia kwenye ugali kumepunguza matumizi yenu, lakini bei ya mchele iko palepale ilipopanda. Vilevile, mgeni akihamia kwenu matumizi yataongezeka bila bei yoyote kupanda.

Angalia na kipimo. Fungu la nyanya linaweza kubaki shilingi 1,000 mwaka mzima, ila zilikuwa tano na sasa ni nne. Nyanya moja imetoka 200 hadi 250, yaani imepanda asilimia 25 huku muuzaji akiapa kwamba hajapandisha. Pakiti za sabuni na biskuti zina mchezo huohuo, kwa hiyo soma gramu kabla ya kusoma bei. Popote inapowezekana, fanya hesabu kwa kilo au lita.

Tuseme ukimaliza, chakula kimefika 324,000, mkaa na umeme 66,000, mengineyo 30,600. Kodi na nauli hazijabadilika. Jumla ni 630,600.

Hatua ya 3: Piga hesabu.

```
(630,600 ÷ 600,000 − 1) × 100 = 5.1
```

Mfumuko wa nyumba hii ni asilimia 5.1. Usichukue njia ya mkato ya kujumlisha asilimia za makundi (8, 0, 0, 10 na 2) na kugawa kwa tano. Utapata 4, kwa sababu umeyapa "mengineyo" ya shilingi 30,000 nguvu sawa na chakula cha 300,000.

Hatua ya 4: Tafuta tofauti yako na taifa.
Katika kikapu cha NBS, ambacho mwaka wake wa kizio ni 2020, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Katika familia yetu ni asilimia 50. Chakula kikipanda asilimia 8, kwetu kinaongeza pointi 4 kwenye mfumuko. Kwenye kikapu cha taifa kinaongeza kama 2.3 tu. Kaya ya kipato cha chini hutumia sehemu kubwa zaidi ya fedha zake kwenye chakula, kwa hiyo chakula kinapokuwa ndicho kinachopanda, ndiyo inayoumia zaidi kuliko takwimu inavyoonyesha. Mafuta ya magari yakipanda peke yake, mwenye gari huumia kwanza. Wengine hufikiwa baadaye, kupitia nauli na usafirishaji wa mazao.

Hatua ya 5: Soma upya kichwa cha habari kinachosema "mfumuko umeshuka".
Mfano halisi ni Kenya. Oktoba 2022 mfumuko ulikuwa asilimia 9.6, na Oktoba 2023 ukawa asilimia 6.9. Umeshuka, ndiyo. Lakini kikapu kilichogharimu shilingi 100 Oktoba 2021 kilifika 109.6 mwaka uliofuata, na hiyo asilimia 6.9 ikapandia juu ya 109.6, si juu ya 100. Kikafika takriban 117. Kilichopungua ni kasi ya kupanda. Ili kikapu kirudi 100, mfumuko ungepaswa kwenda chini ya sifuri, na kwa hesabu hii ungehitaji kama asilimia 15 hasi.