SOMO: Umetumiwa meseji "laini yako itafungwa"? Hakiki hivi (Tanzania)

Meseji huja hivi, au kwa maneno ya karibu na haya: "Ndugu mteja, laini yako haijahakikiwa na itafungwa ndani ya saa 24. Piga 07xx xxx xxx kuhakiki." Inashtua kwa sababu laini zimewahi kuzimwa kweli. Usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, na Februari 2023 zikafuata zile ambazo hazikuhakikiwa. Tapeli anajua kwamba unakumbuka.

Kuna jambo moja asiloweza kulikwepa: usajili unataka namba ya NIDA pamoja na kidole chako kwenye mashine ya wakala. Kidole hakipiti kwenye meseji wala kwenye maongezi. Kwa hiyo anayekuambia mtamaliza usajili kwa simu, hapo ulipo, hasajili kitu.

Hatua ya 1. Usipige namba iliyo kwenye meseji, wala usibonyeze kiungo chake.

Hatua ya 2. Andika mwenyewe, ukitumia laini hiyo hiyo:

```
*106#
```

Menyu hutofautiana kidogo kwa kila mtandao, lakini tafuta sehemu ya kuangalia usajili wa laini. Likitokea jina lako, laini imesajiliwa kwako.

Hatua ya 3. Humo humo angalia namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo hufichua mambo. Wapo mawakala wanaokuambia "kidole hakijasoma, weka tena", na kila unapoweka wanasajili laini nyingine. Ukiona namba usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho ukaikane.

Hatua ya 4. Kama bado una shaka, piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako. Ukiambiwa kuna kasoro, nenda dukani au kwa wakala. Usajili ni bure.

Hatua ya 5. Tuma meseji ya tapeli kwenda 15040. Ukiulizwa namba iliyoituma, iandike. Kisha ifute.

Sasa tuone kinachotokea kwa aliyepiga ile namba. Anapokelewa na sauti ya upole yenye kelele za ofisi nyuma yake. Anaambiwa afungue menyu ya pesa na achague 1, kwa kuwa "ndiyo ya uhakiki". Halafu aweke "namba ya ofisi", kisha "namba ya fomu", yaani 285000, na mwisho namba ya siri "kukamilisha". Yote hayo ni kutuma pesa: namba ya ofisi ni simu ya tapeli, na namba ya fomu ni shilingi 285,000. Haraka yake yote ni ili usisome kilichoandikwa kwenye kioo.

Mtego wa pili ni kuambiwa upige `**21*`, namba fulani, kisha `#`. Hiyo ni amri ya kuelekeza simu zako zote kwa mtu mwingine. Akiomba WhatsApp imsomee kwa simu tarakimu 6 za kuthibitisha namba yako, simu inaita kwake.

MASWALI YA WANACHAMA

Meseji imekuja kwa jina la mtandao, si kwa namba. Bado ni tapeli?
Inawezekana, maana jina la mtumaji huweza kuigwa. Angalia inakutaka ufanye nini. Ikikupeleka dukani na kitambulisho, thibitisha kwa 100. Ikitaka upige namba ya mtu au utaje namba ya siri, achana nayo.

Nimepiga \*106#, jina ni la shemeji yangu. Laini ni yangu miaka sita.
Kwa kumbukumbu za mtandao, laini ni yake. Nendeni dukani pamoja, kila mtu na NIDA yake, muombe kubadilisha umiliki. Msisubiri mpaka simu ipotee, kwani kuirudisha laini kutahitaji kidole chake.

Mimi nimeshawatajia namba ya NIDA, basi. Nimekwisha?
Hapana. Bila kidole hawasajili laini kwayo. Ila tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo kama namba yako ya siri inafanana na mwaka uliozaliwa, ibadilishe leo. Rudia hatua ya 3 baada ya siku chache.

Nilipiga ile ya nyota 21. Naitoaje?
Piga `##002#` kufuta maelekezo yote, kisha `*#21#` kuhakikisha. Fungua WhatsApp uone kama bado ni yako, na uweke uthibitishaji wa hatua mbili.

Pesa zimeshaenda, dakika kumi zilizopita.
Acha kusoma, piga 100 sasa hivi waizuie kabla haijatolewa kwa wakala. Usifute meseji ya muamala. Ukimaliza nenda polisi uchukue RB.