SOMO: Muuzaji anataka hela yote kwanza, hataki muonane, hataki ulipe mzigo ukifika. Soma hapa kabla hujatuma

Wakuu, swali hili nimelijibu mpaka vidole vimechoka. Kila mtu anakuja na skrinshoti na kuuliza "huyu ni wa kweli?" Sina jicho la kumtambua mtu kwa herufi za meseji. Nina utaratibu, nao ni huu. Nikiulizwa tena nitatuma kiungo cha uzi huu tu.

1. Muulize kwa nini hataki ulipe mzigo ukifika.
Usianze na matusi. Kukataa malipo ya kupokelea peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwizi. Wauzaji wengi waaminifu wameumizwa na wanunuzi wanaoagiza kisha wanazima simu mzigo ukifika, na nauli ya kwenda na kurudi inabaki shingoni mwa muuzaji. Mwenye sababu ya kweli ataisema kwa maneno yake na ataweza kuijadili. Mwingine atarudia "ni sera yetu" hata ukimuuliza mara tano.

2. Angalia umri na historia ya akaunti.
Instagram: fungua wasifu wake, bonyeza vidoti vitatu juu, kisha "About this account". Utaona alijiunga lini, na pengine majina aliyowahi kutumia. Kwa ukurasa wa Facebook tafuta "Page transparency". Duka la simu ambalo mwaka jana lilikuwa ukurasa wa vichekesho, ujue limenunuliwa au limeibwa pamoja na wafuasi wake.

3. Tafuta picha zake kwa Google Lens.
Dakika moja. Zikitokea kwa wauzaji wengine watatu, achana naye.

4. Mpe njia tatu, usimpe moja.
Hapa ndipo penye kazi. Mwandikie hivi: "Sawa, kulipa nikipokea hutaki, nimeelewa. Basi chagua: nimtume mtu wangu aje aione na alipe hapo hapo, au nikulipe nauli ya mzigo tu sasa hivi, hela ya bidhaa nilipe nikiipokea, au tupitie huduma inayoshika pesa mpaka nithibitishe nimepokea, ila hiyo nitaichagua mimi."

Ona jinsi zilivyopangwa. Ya pili inamwondolea hasara ya nauli, ambayo ndiyo ilikuwa sababu yake. Ya kwanza haimgharimu chochote. Muuzaji halisi atakataa moja, labda mbili, kisha mtaelewana kwenye mojawapo au atakuja na yake. Mwizi mara nyingi atakataa zote kwa sababu zote zinamtaka awe na bidhaa, na yeye bidhaa hana. Huyo ndiye wa kumkimbia: anayekataa kila mlango isipokuwa ule wa hela yako kutangulia. Mara nyingi wakati huo huo ataanza kukuharakisha: "kuna mteja mwingine analipia sasa hivi." Mwambie amuuzie huyo.

Halafu kuna kaujanja ka kukupunguzia: "Basi tuma nusu." Nusu haina usalama wowote kuliko yote, tofauti ni kiasi utakachopoteza. Tena ukishatuma nusu, utaona uchungu kuiacha, na hapo ndipo utatuma iliyobaki.

5. Akikubali GHAFLA uione bidhaa, kuwa makini zaidi.
Soma hapa mara mbili, maana ndipo shemeji yangu alipoliwa, na mimi ndiye niliyemwambia kwa simu "kama umeishika mkononi, lipa."

Alikuwa anataka simu ya mkononi iliyotumika. Muuzaji alikataa kuonana kwa siku kadhaa, kisha akalainika: "Mimi nimesafiri, ila simu iko kwa mdogo wangu, nenda ukaione. Usimtajie bei tu, maana kuna hela ya familia humo, italeta maneno." Shemeji akaenda. Simu ipo, inawaka, betri nzima, namba ya IMEI inalingana na ya kwenye boksi. Akampigia muuzaji, akatumiwa namba ya malipo, akalipa yote. Akasimama aondoke na simu. Yule kijana akamshika mkono: "Hela yangu iko wapi?"

Yule hakuwa mdogo wa mtu. Alikuwa muuzaji wa kweli wa simu ile. Mwizi alichukua picha za tangazo lake, akalitangaza upya kwa bei ya chini, kisha akamwambia mwenye simu: "Namtuma mdogo wangu aje aione, mimi ndiye nitakayelipa, usizungumze naye bei." Watu wawili waaminifu wamekaa chumba kimoja, kila mmoja kaambiwa anyamaze, na hela imekwenda kwa mtu wa tatu ambaye hakuna aliyemwona.

ONYO: video ya moja kwa moja haikuokoi na mchezo huu. Mwizi anaweza kumwomba mwenye mali ampigie video, yeye akaielekeza kwako. Hata ukisema "andika jina langu kwenye karatasi uweke kando ya simu", atapeleka ombi lile lile kwa mwenye mali na karatasi italetwa.

ONYO la pili: ukiambiwa usizungumze bei na mtu aliyeshika bidhaa, dili limekufa hapo hapo, hata sababu iwe tamu kiasi gani.

Dawa yake ni maswali matatu kwa aliyeshika bidhaa, kwa sauti, kabla ya kulipa: Hii ni mali ya nani? Unaiuza bei gani? Nikulipe wewe kwenye namba ipi? Majibu yakitofautiana na ya kwenye meseji, hulipi. Yakilingana, unamlipa aliye mbele yako, na anathibitisha imeingia kwenye simu yake ukiwa hapo.

6. Soma jina kabla ya kuthibitisha muamala.
Likija jina lisilo la muuzaji wala la duka, simamisha. "Hiyo ni laini ya mhasibu" si jibu.

7. Umeshatuma?
Piga huduma kwa wateja wa mtandao wa simu au benki yako dakika hiyo hiyo, uwape namba ya muamala. Pesa ikiwa bado haijatolewa kuna nafasi ya kuizuia. Ikishatolewa, nafasi inakuwa finyu sana. Usimwambie mwizi umeshtuka, atatoa haraka. Kisha polisi, na mazungumzo yote uwe umeyahifadhi kabla hajakublock.

Maswali karibuni.

---

Mzee wa Dili: Sijasoma yote, ni ndefu. Kuna jamaa anauza TV, anataka hela yote kwanza. Nitume?

Mtoa somo: Soma hatua ya 4.

Mzee wa Dili: Nijibu tu ndiyo au hapana mkuu

Mtoa somo: Hapana.

Bintiamani: Asante kaka. Mimi kanitumia picha ya kitambulisho chake na selfi amekishika. Hilo halitoshi?

Mtoa somo: Halitoshi dada, na swali lako ni zuri. Kitambulisho hicho kinaweza kuwa cha mtu aliyetapeliwa kabla yako. Mwizi anamwambia mteja "nitumie kitambulisho na selfi nikuandalie risiti", kisha anakitumia kwa mteja anayefuata kama chake. Kwa hiyo na wewe usitume chako. Kama unataka kukipima, linganisha jina la kwenye kitambulisho na jina linalotokea kwenye muamala kabla hujathibitisha. Mara nyingi mambo huharibika hapo.

Duka Mkononi: Mimi ni muuzaji na huwa nachukua hela yote kwanza. Mnatuharibia biashara kwa kutuita wezi. Wateja nao ni matapeli, hamsemi.

Mtoa somo: Hatua ya 1 nimeandika kwa ajili yako, tena nimekutetea. Swali: mteja akikwambia anamtuma mtu aje alipe hapo hapo, unakataa?

Duka Mkononi: Hapana, aje tu. Ila sina fremu, nauzia nyumbani, sipendi wageni nyumbani.

Mtoa somo: Hiyo ni sababu ya kweli na naiheshimu. Basi mkutanie mahali penye watu, au uchukue nauli kwanza. Ukilikataa hilo nalo, usimlaumu mteja akiondoka.

Duka Mkononi: Ya nauli kwanza sikuwahi kuijaribu. Nitajaribu.

Kijana Fresh: Ana WhatsApp ya biashara kabisa, ina katalogi na saa za kufungua. Huyo ni halali.

Mtoa somo: WhatsApp Business anafungua yeyote kwa dakika chache, hata wewe sasa hivi. Saa za kufungua anajiandikia mwenyewe.

Mama Watatu: Mimi nilishatuma jamani. Wakanitumia picha ya stakabadhi ya mzigo, sasa wanasema mzigo umezuiwa, nilipe bima itakayorudishwa nikipokea.

Mtoa somo: Pole sana mama. Usitume tena hata senti. Stakabadhi ina namba ya mzigo. Piga ofisi ya wasafirishaji kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, usitumie iliyo kwenye picha, uwaulize kama wanautambua. Wakisema hawaujui, nenda moja kwa moja hatua ya 7. Na jingine: ukieleza mkasa wako hadharani, kuna watu watakuja kwenye meseji za siri wakisema wanaweza kurudisha pesa yako kwa ada kidogo. Usishangae ukikuta ni walewale.

Mama Watatu: Tayari mmoja kanitafuta.

Mtoa somo: Mblock. Skrinshoti kwanza.

Fundi wa Pembeni: Mkuu, mbona hujasema kwamba hata kulipa ukipokea si salama? Mimi nimewahi kulipa kwa dereva, nikafungua boksi nikakuta vipande viwili vya sabuni.

Mtoa somo: Kweli, umeniongezea somo. Dereva wengi hawaruhusiwi kufungua mzigo kabla haujalipwa, kwa hiyo ulichokinunua ni boksi. Wakati wa kuagiza uliza wazi: "naruhusiwa kufungua kabla ya kulipa?" Akisema hapana, ni afadhali uende ukaichukue mwenyewe.

Fundi wa Pembeni: Na nikiruhusiwa?

Mtoa somo: Anza kurekodi boksi likiwa bado na gundi yake, onyesha lebo yenye jina lako, kisha ufungue bila kukata video. Kama ni simu, iwashe na upige *#06# ulinganishe namba ya IMEI na ya kwenye boksi. Dereva akikuharakisha, mrudishie mzigo.

Mzee wa Dili: Wakuu, ile TV nimetuma nusu.