Taa ya nyumbani kwa Arduino: utumie moduli ya rilei au SSR?

Mwezi uliopita nilimfungia mama mdogo taa ya barazani inayojiwasha giza likiingia. Siku ya pili, saa tatu usiku, simu ikaita. "Mwanangu, hii taa yako haizimiki. Imefifia tu kama jicho la paka." Nilikuwa nimetumia SSR, ile rilei isiyo na koili wala mlio. Mwongozo huu umetokana na usiku ule.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya balbu

Gawanya wati kwa volti. Balbu yake ilikuwa LED ya wati 9, kwa hiyo 9 ÷ 230 ni kama ampia 0.04. Ishike namba hiyo.

Hatua ya 2: Linganisha na SSR, upande wa chini pia

Hapa ndipo nilipopoteza saa nne. SSR ndogo zinazouzwa kwenye moduli nyingi zimeandikwa G3MB-202P. Wengi tunasoma mwisho wake wa juu, ampia 2, tunaridhika. Lakini ina mwisho wa chini pia: inataka mzigo usiopungua ampia 0.1, na balbu yangu haikufika hata nusu yake.

Tatizo la pili ni kwamba SSR ikizima haikati waya. Ndani yake mna triaki, na hata ikiwa imezima hupitisha umeme kidogo. Kwa hii ni hadi miliampia 1.5. Balbu ya nyuzi haihisi kitu. LED nayo inautumia huo umeme kidogo: inafifia, au inajaza kapasita yake taratibu, inamemeta mara moja, inazima, inaanza tena.

Mimi nililaumu programu, nikaiandika upya mara mbili, kisha nikabadilisha Arduino nzima. Kilichonifungua macho ni balbu ya zamani ya nyuzi, wati 60: niliichomeka kwenye holda ileile, ikazima kabisa. Lakini usikimbilie kuhukumu, maana LED hufifia pia fundi akiwa amekata nyutro badala ya waya wa moto, au nyaya mbili zikitembea pamoja safari ndefu. Ukitaka uhakika, zima swichi kuu, chomoa waya unaotoka kwenye SSR kwenda taani, uzibe ncha zote mbili, kisha washa tena. Taa ikiendelea kufifia, SSR haina kosa, angalia nyaya.

Na hili nisikilize vizuri: toa balbu, pima holda huku SSR "imezima", mita itasoma karibu volti zote 230. Kwa hiyo usibadilishe balbu kwa kuamini SSR. Zima kwenye swichi kuu, pima kwa mita. Testa ya bisibisi siiamini kwa kazi hii.

Wapo wanaofunga kapasita ya X2 sambamba na taa ili imeze huo umeme unaovuja. Inafanya kazi, ila mimi sipendi kuongeza kitu kingine cha kuharibika kwa taa moja ya barazani. SSR yenye ampia za kutosha naiweka kwenye pasi au hita, vitu vinavyowaka na kuzima mara kwa mara.

Hatua ya 3: Funga moduli ya rilei

Ile ya kiboksi cha buluu. Waya wa moto uingie COM, utoke NO kwenda taani. Nyutro iende moja kwa moja. NC iache tupu.

Ikizima, vyuma vinaachana kabisa, hakuna kinachovuja. Udhaifu wake ni mmoja: balbu za LED hunyonya umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua wakati wa kuwaka, na ukizifunga nyingi kwenye rilei moja vyuma vinaweza kushikana. Utaisikia "tak" lakini taa haizimi. Zile ampia 10 zilizoandikwa mgongoni zisikudanganye. Mimi naishia balbu nne.

Chini ya moduli nukta za risasi zina volti 230 wazi. Iweke ndani ya kiboksi cha plastiki kabla ya kuwasha umeme.

Hatua ya 4: Programu

Moduli nyingi za buluu huwaka kwa LOW. IN ya moduli ikiwa kwenye pini 7 ya Arduino, anza hivi ndani ya `setup`, taa isimemete Arduino inapoamka:

```
digitalWrite(7, HIGH);
pinMode(7, OUTPUT);
```

Kwa mama mdogo nilirudi Jumamosi na moduli ya rilei. Taa sasa inazima. Analalamika mlio tu.