Somo: -ka- na -ki- katika insha ya masimulizi, kwa kutumia ndoo moja ya dagaa

Wiki hii nilikuwa nasahihisha insha za watoto wa hapa Kigoma, na kosa kubwa halikuwa tahajia wala herufi kubwa. Lilikuwa jinsi vitendo vinavyoshikana. Nimechukua aya moja ambayo nimeitunga mwenyewe kwa kukusanya makosa niliyoyaona. Tutaitengeneza hatua kwa hatua mpaka isomeke.

Aya yenyewe ni hii:

"Siku ya Jumamosi nikaamka mapema. Nikaoga. Nikachukua ndoo. Nikaenda Kibirizi kununua dagaa. Nikifika ufukweni nilikuta mitumbwi inarudi. Nikawaona wavuvi wakashusha dagaa. Nikanunua ndoo moja. Nikaanza kurudi. Mvua ikanyesha. Nikakimbia. Nikateleza. Ndoo ikaanguka. Dagaa wakamwagika. Nikamweleza mama. Mama hakakasirika."

Hadithi ipo, na ni nzuri. Lakini ukiisoma kwa sauti unasikia kama mtu anayepiga misumari.

Hatua ya kwanza: tafuta kichwa cha treni. Kiambishi -ka- hakina wakati wake. Kinaazima wakati wa kitenzi kilichotangulia, kama behewa linavyovutwa na kichwa. "Nikaamka" mwanzoni mwa insha ni behewa lililosimama peke yake relini. Msomaji hajui kama uliamka jana au ni jambo lililotokea zamani. Kwa hiyo kitenzi cha kwanza kipe -li-: "Jumamosi ile niliamka mapema." Ukishafanya hivyo, vinavyofuata vinaweza kupata -ka-. Unapohamia mahali pengine au wakati mwingine, hasa ukianza aya mpya, funga tena kichwa kipya cha -li-.

Hatua ya pili: uliza kama kitendo kinasogeza hadithi au kinaendelea pembeni. Kinachosogeza ni cha -ka-. Kinachoendelea wakati kingine kinatokea ni cha -ki-. Nina kipimo ninachowapa wanafunzi: weka "halafu" kabla ya kitenzi, kisha weka "huku", usikie lipi linakaa. "Nikawaona wavuvi, halafu wakashusha dagaa." Hapo umewaona kwanza, dagaa wakashushwa baadaye. Mwandishi hakukusudia hivyo. Alipotupa macho, kazi ilikuwa tayari inaendelea. Basi ni "nikawaona wavuvi wakishusha dagaa."

Angalia pia nafsi iliyo mbele ya -ki-, maana ndiyo inayotuambia nani anafanya. "Nilimwona mwizi akikimbia" na "nilimwona mwizi nikikimbia" zimetofautiana kwa silabi moja tu, lakini katika ya pili anayekimbia ni wewe. Nimeshasoma insha ambayo mwizi alitulia na msimuliaji ndiye aliyetimua mbio, bila mwandishi kujua.

Hatua ya tatu: ondoa -ki- inayovaa nguo za -lipo-. Hili ndilo kosa sugu kuliko yote. "Nikifika ufukweni nilikuta..." Mwanafunzi anafikiri -ki- ni ya wakati, kwa hiyo inafaa. Lakini -ki- ikitangulia kitendo kikuu namna hii huwa ya sharti au ya mazoea: "nikifika nitakupigia", "kila nikifika nilikuwa namkuta." Kufika kwa mara moja, siku moja, jambo lililokwisha kutokea, ni "nilipofika". Ukitaka kujihakiki, ongeza "kila" mbele ya kitenzi. Kama "kila nikifika" si maana unayoitaka, andika -lipo-.

Hatua ya nne: usitumie -ka- zote mahali pamoja na kwa kila kitu. Msururu wa -ka- una kasi. Kasi hiyo ni mali, usiimalize kwenye kuoga. Kuamka na kuoga hakuna anayekuuliza. Chagua kimoja kinachohitajika, kingine kifute. Vilivyobaki unaweza pia kuviunga kwa "na ku-": "nikachukua ndoo na kushika njia ya Kibirizi." Halafu pale penye ajali, acha -ka- zifuatane bila pumzi: "nikateleza, ndoo ikaanguka, dagaa wakamwagika." Hapo hakuna haja ya nukta katikati, kwa sababu kila kimoja kinasababisha kinachofuata. Hii ndiyo kazi ambayo -ka- inaifanya vizuri kuliko kiungo kingine chochote.

Hatua ya tano: ukanushi. "Hakakasirika" haipo. Kiambishi -ka- cha masimulizi hakikanushwi. Una njia mbili. Ya kwanza ni kurudi kwenye ukanushi wa kawaida wa wakati uliopita: "hakukasirika." Ya pili ni -si- pamoja na mwisho -e: "nikamtafuta dereva nisimpate." Hii ya pili ni tamu sana katika masimulizi, ila ina mtego. "Nikamweleza mama asikasirike" inaweza kueleweka kwamba ulimweleza ili asikasirike. Maana mbili zikigongana namna hiyo, chagua njia ya kwanza.

Baada ya hatua hizo, aya yetu imekuwa hivi:

"Jumamosi ile niliamka mapema, nikachukua ndoo na kushika njia ya Kibirizi. Nilipofika ufukweni, mitumbwi ilikuwa ikirudi kutoka ziwani. Nikasimama nikiwatazama wavuvi wakishusha dagaa, kisha nikanunua ndoo moja na kuanza kurudi. Nilikuwa nimekaribia Mwanga mvua ilipoanza kunyesha. Nikakimbia huku nimeikumbatia ndoo, nikateleza, ndoo ikaanguka, dagaa wakamwagika wote mtaroni. Nyumbani nilimweleza mama yaliyotokea nikitetemeka. Hakukasirika. Akacheka, akanipa pesa nyingine, nikarudi Kibirizi."

Ona kwamba "akacheka" imefuata kitenzi cha ukanushi, "hakukasirika", na hakuna tatizo. Kichwa cha treni kinaweza kuwa cha kukanusha, mabehewa tu ndiyo hayawezi. Ona pia "nyumbani nilimweleza". Tumebadilisha mahali, kwa hiyo nimefunga -li- mpya. Ningeweza kuendelea na "nikamweleza", isingekuwa kosa, lakini msomaji angebaki mtaroni na dagaa.

Maswali ya wanachama

Mwanafunzi, Kidato cha Pili, Ujiji: Shikamoo mwalimu. Niliandika "alitoka nje akimbia" mwalimu wetu akaweka alama nyekundu. Si kuna -ki- hapo?

Marahaba mwanangu. Hiyo -ki- unayoiona ni ya "kimbia" yenyewe. Mzizi wake umeanza na ki, kwa hiyo ukiongeza kiambishi zinakuwa mbili: a-ki-kimbia, "akikimbia". Vivyo hivyo kwa vitenzi vinavyoanza na ka: kaa, kata, kataa, kamata. Ni "akakaa chini", "akakata kamba", "akakataa". Ukiandika "akaa chini" umeacha -ka-. Kinachowachanganya wengi ni vichwa vya habari magazetini, mfano "Polisi wakamata majambazi." Hapo hakuna -ka- ya masimulizi, ni wa- na kamata. Katika insha yako ingekuwa "polisi wakakamata". Tamka pole pole uhesabu silabi kabla ya kuandika.

Mzazi, Kasulu: Mwalimu, mbona umeandika "huku nimeikumbatia" na si "nikiikumbatia"? Umetuambia -ki- ndiyo ya huku.

Swali zuri, mzee wangu, na nilitegemea mtu aliulize. Kuna vitenzi ambavyo kitendo chake huisha upesi, kinachobaki ni hali: kaa, simama, lala, vaa, shika, beba, kumbatia. Kwa hivyo ukisema "alikuja akivaa kanzu", tunamwona mtu anatembea huku anaingiza mikono kwenye kanzu. Ukisema "alikuja amevaa kanzu", kanzu iko mwilini tayari. Ndoo nilikuwa nimeshaikumbatia kabla ya kukimbia, sikuwa naikumbatia njiani. Lakini "nikitetemeka" imebaki na -ki-, kwa sababu kutetemeka kulikuwa kunaendelea.

Mwalimu mwenzangu, Urambo: Wanafunzi wangu huandika "akaenda sokoni akanunue". Nawaambia si sahihi, wao wananijibu mbona tunasema "nenda sokoni ukanunue"?

Wana haki ya kuuliza, mwalimu. Hiyo -ka- yenye mwisho -e ni ya kwenda kufanya jambo ambalo bado halijafanyika, ndiyo maana inakaa vizuri kwenye amri na kwenye wakati ujao: "nenda ukanunue", "nitakwenda Tabora nikamwone bibi." Katika insha mahali pake hasa ni ndani ya alama za kunukuu, mama anapomtuma mtoto. Kwenye masimulizi yenyewe waambie wachague kati ya "akaenda sokoni akanunua", yaani alinunua kweli, na "akaenda sokoni kununua", yaani alikuwa na nia hiyo. Ya pili inaacha mlango wazi. Anaweza akafika akakuta soko limefungwa.

Mwanafunzi, Kidato cha Kwanza, Kibondo: Ni "akala" au "akakula"?

"Akala". Vitenzi vifupi kama la, nywa, ja, fa hushika ku- vikiwa na -li-, -na-, -me- au -ta-: alikula, anakunywa, amekuja. Vikiwa na -ka- au -ki- hiyo ku- inadondoka: akala, akanywa, akaja, akila, akija. Mtaani utasikia "akakula" na "akakuja", lakini usiviandike. Ukiandika "simba akakula" mbele ya msahihishaji, anaweza kuelewa kwamba simba alikula wewe.

Mwanachama, Tabora mjini: Naomba unisahihishie: "Treni ikifika Kaliua nilishuka nikanunua chupa ya asali, nikirudi behewani nikakuta kiti changu kimekaliwa."

Umepata vitenzi vinne, umekosa viwili. "Nilishuka nikanunua" na "nikakuta" ni safi, na "kimekaliwa" ni hali, hongera. Ila "ikifika" na "nikirudi" ni vile vya hatua ya tatu. Andika: "Treni ilipofika Kaliua nilishuka nikanunua chupa ya asali. Niliporudi behewani nikakuta kiti changu kimekaliwa." Kama ulikuwa unasimulia mambo ya kila safari, basi acha "ikifika", lakini badili kinachofuata kiwe "nilikuwa nikishuka". Na hapo itabidi utueleze kwa nini hukujifunza kununua asali kupitia dirishani.