Mshale usiruke darasa katika mfumo dhana

Anayetafiti uongozi wa shule za msingi za Rungwe au Mufindi anapochora mfumo dhana, yaani mchoro wa visanduku na mishale unaoonyesha jambo lipi linaathiri lipi, asichore mshale mmoja kutoka kwa mwalimu mkuu hadi matokeo ya darasa la saba, kwa sababu mwalimu mkuu huwafikia wanafunzi zaidi kupitia walimu wake. Kisanduku cha kushoto kiandikwe vitendo vinavyopimika, kama vile kukagua maandalio ya somo na kuketi darasani kuangalia ufundishaji. Cha katikati kibebe vipindi vilivyofundishwa na madaftari yaliyosahihishwa. Cha kulia, wastani wa alama. Umbali wa kutembea hadi shuleni, ambao kwenye miteremko ile si jambo dogo, uwekwe chini, na mshale wake uelekee kisanduku cha kulia. Kisanduku kisicho na swali lolote kwenye dodoso kifutwe.