Kompyuta mpya inapojipa anwani ya 169.254

Kompyuta mpya ikiunganishwa kwenye mtandao wa ofisi na kuonyesha anwani inayoanza na 169.254, maana yake ni kwamba iliomba anwani kwa seva ya DHCP, ile inayogawa anwani za mtandao, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Iwapo kompyuta za zamani zinaendelea kufanya kazi bila shida, usihangaike na waya kwanza, bali hesabu anwani zilizobaki kwenye seva.

Katika ofisi moja hapa Mbeya, seva ilikuwa na anwani 100 za kugawa, kila moja kwa siku 8. Vifaa vya wafanyakazi vilikuwa 40, na simu mpya za wageni zipatazo 15 ziliunganishwa kila siku, hivyo kufikia siku ya tano hapakubaki anwani hata moja, ingawa wageni wengi walikwisha kurudi Tukuyu na Chunya. Tulipunguza muda wa wageni hadi saa 4, kisha tukafuta kwenye seva anwani za simu zilizokwisha kuondoka, kwa sababu muda mpya hauzigusi zile zilizokwisha kutolewa. Baada ya hapo kompyuta iliomba upya:

```
ipconfig /release
ipconfig /renew
ipconfig /all
```

Katika matokeo ya amri ya mwisho, soma mstari wa `DHCP Server`. Ukiona anwani usiyoitambua, yamkini mtu amechomeka ruta yake ya nyumbani (hutokea mara nyingi kuliko tunavyokiri), nayo inagawa anwani zisizofika popote. Itafute kwenye swichi kwa kuchomoa waya mmoja mmoja.