Kuchuja wasifu wa waombaji na kupanga usaili: somo kwa mtarajali wa rasilimali watu

Tuchukue mfano wa kampuni ya vifaa vya ujenzi Kariakoo inayotafuta mhasibu msaidizi. Maombi ni 64, na meneja anataka watu watano wa kusailiwa.

Usifungue wasifu hata mmoja kabla hujasoma maelezo ya kazi na kutenga masharti ya lazima na yale ya nyongeza. Hapa ya lazima ni matatu: stashahada au shahada ya uhasibu, uzoefu wa miezi 24, na kujua kutumia programu ya uhasibu ya Tally. Usajili wa bodi ya wahasibu, NBAA, ni nyongeza. Mpelekee meneja mgawanyo huo aukubali kwa maandishi. Masharti yakibadilika ukiwa umeshafika mwombaji wa 40, itabidi urudi kwa wa kwanza.

Fungua jedwali la Excel. Kila mwombaji apewe namba na mstari wake, na kila sharti liwe na safu yake. Jaza "ndiyo", "hapana" au "haijulikani", na pembeni andika ukurasa ulimoona ushahidi. Safu za kabila, dini, ndoa au umri zisiwepo kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa aina hiyo, na mwombaji wa kazi naye analindwa.

Panapokosewa zaidi ni kwenye kuhesabu uzoefu. Mwombaji namba 17 ameandika kwamba alifanya kazi duka la kwanza Januari hadi Desemba 2022, na la pili, kwa nusu siku, Julai 2022 hadi Juni 2023. Ukijumlisha haraka utapata miezi 24 na kumpitisha. Lakini Julai hadi Desemba 2022 umeihesabu mara mbili. Kalenda inampa miezi 18 tu, kuanzia Januari 2022 hadi Juni 2023, kwa hiyo sharti hajalifikia. Weka tarehe ya mwanzo wa kipindi chote C2, ya mwisho wake D2, kisha:

```
=DATEDIF(C2,D2+1,"m")
```

Hiyo +1 usiisahau. Ukiweka 1 Januari 2022 na 30 Juni 2023 bila hiyo, Excel itakupa 17, maana haihesabu mwezi ambao haujatimia hadi tarehe ileile.

Jihadhari pia na anayeandika "2021–2023" bila miezi. Inaweza kuwa miaka mitatu kamili, au Desemba 2021 hadi Januari 2023, yaani miezi 14. Huyo ni "haijulikani": mpigie umuulize, usimkisie.

Ukishapata watano na wawili wa akiba, panga ratiba. Dakika 30 za mazungumzo na 15 za jopo kujaza alama zinatosha. Anza saa 3:30 asubuhi, si saa 2:00, maana anayetoka Mbagala au Kimara asubuhi hana uhakika na foleni. Wanaofuata waingie saa 4:15, 5:00 na 5:45, na wa mwisho saa 8:00 mchana. Ijumaa iepuke, kwa sababu ya swala ya mchana.

Saa ndiyo inayoleta vurugu. Meneja akisema "saa tatu na nusu", nawe ukaandika 3:30 kwenye kalenda ya kompyuta, wajumbe wa jopo wataona saa tisa na nusu, ya usiku au ya alasiri. Kwenye kalenda andika 09:30, na kwa msailiwa andika zote mbili:

"Habari. Unaalikwa kwenye usaili wa Mhasibu Msaidizi, Jumanne, saa 3:30 asubuhi (09:30), ofisini kwetu Kariakoo. Njoo na vyeti halisi na kitambulisho. Tafadhali thibitisha kabla ya Ijumaa hii saa 10:00 jioni (16:00)."

Maswali ya watarajali

Swali: Miezi ya fildi chuoni niihesabu kama uzoefu?

Jibu: Muulize meneja kabla ya kuanza kuchuja, kisha jibu lake litumike kwa wote 64. Kosa ni kumhesabia mmoja na kumnyima mwingine.

Swali: Dada, mtu ana QuickBooks miaka minne ila Tally hana. Nimtoe?

Jibu: Usimtoe peke yako, mdogo wangu. Mweke "hapana" kwenye Tally, andika QuickBooks pembeni, umwonyeshe meneja. Akisema mfumo wowote wa uhasibu unakubalika, rudi kwa wote uliowatoa kwa sababu hiyo.

Swali: Naruhusiwa kurusha wasifu kwenye kundi la WhatsApp la jopo?

Jibu: Hapana. Zina namba za simu, anuani na tarehe za kuzaliwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihusu. Weka folda ya ofisi ambayo jopo pekee linaifungua.

Swali: Msailiwa hajajibu ujumbe, je?

Jibu: Mpigie asubuhi, na tena jioni, uandike saa ulizopiga. Muda wa kuthibitisha ukipita, mwite wa kwanza wa akiba siku hiyohiyo, ili naye apate muda wa kutafuta vyeti vyake.